Duka Limejaa, Droo Tupu: Namna ya Kuamua Bidhaa Ipi Uache Kuuza

Mwezi wa tano mwaka jana mama yangu mdogo aliniambia anataka kukopa laki tatu kwenye kikoba chake. Duka lake liko ng'ambo ya barabara inayopita mbele ya mabweni yetu, na jioni nikitoka kipindini huwa namsaidia kuuza. Nikamuuliza mkopo ni wa nini. Akasema, "Wa kununulia mzigo. Huoni sukari imeisha tangu jana?"

Nikageuka nikaangalia shelfu. Zilikuwa zimejaa mpaka juu, chupa nyingine za losheni zimesimama juu ya nyingine. Mzigo ulikuwepo, tena mwingi. Kilichokosekana ni hela ya kununulia ule mzigo ambao watu walikuwa wanaukimbilia. Nilijua pia kwamba sehemu ya ada yangu hutoka kwenye droo ya duka hilo, kwa hiyo mkopo ule wenye riba ya asilimia 10 ulikuwa unanihusu na mimi.

Makala hii inaeleza tulichofanya kwa wiki zilizofuata. Mimi nasoma ualimu, si biashara, na hesabu iliyotumika hapa ni ya kujumlisha na kugawanya tu. Naiandika kwa sababu mabweni yetu yamejaa wafanyabiashara. Kuna anayeuza manukato, kuna anayeuza mitumba chini ya kitanda, na wengi wameanza kwa hela ya bumu. Wengi wao wana shida ileile ya mama mdogo, ila hawajaipa jina.

Maswali mawili yanayodanganya

Ukimwambia muuzaji apunguze bidhaa, kwanza atakuuliza ipi inauza kidogo. Atakayefikiri zaidi atauliza ipi ina faida ndogo. Yote ni maswali mazuri, lakini kila moja likibaki peke yake linapotosha.

Chukua sukari. Mama mdogo alikuwa ananunua mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 135,000, yaani 2,700 kwa kilo, na kuuza 3,000. Faida ni shilingi 300 tu kwenye kilo nzima, na hapo hujahesabu ile inayomwagika wakati wa kupima robo robo. Losheni kubwa alinunua 8,000 na kuuza 12,000. "Hii ina buku nne kwenye chupa moja," aliniambia, "wewe unataka niitoe nibaki na sukari ya mia tatu?" Ukiangalia faida peke yake, mama mdogo alikuwa sahihi. Chupa moja ya losheni ni sawa na kilo 13 na zaidi za sukari.

Jambo ambalo halikuonekana kwenye maneno yake ni muda. Mfuko wa sukari uliisha kwa siku 8, hela ikarudi mkononi na faida yake juu, tayari kununua mfuko mwingine. Chupa ya losheni ilinunuliwa leo ikakaa miezi. Hela iliyo ndani ya chupa ni hela kweli, lakini imelala, na huwezi kwenda nayo kwa muuza jumla kuchukua sukari.

Kwa hiyo swali lenye maana ni hili: kila shilingi 100 niliyoilaza kwenye bidhaa hii inaniletea shilingi ngapi kwa mwezi? Swali hilo moja limebeba mauzo, faida na mtaji kwa pamoja.

Kuhesabu bila kuandika kila mauzo

Mwanzoni nilimwambia mama mdogo aandike kila anachouza. Alijaribu siku moja, akaacha. Wateja wakijaa saa moja jioni, nani atashika kalamu? Tukabadilisha njia. Tulinunua kaunta buku moja, na kila Jumapili usiku baada ya kufunga tukahesabu kilichopo. Katikati ya wiki aliandika manunuzi tu, ambayo ni machache na yana risiti.

Hapo mauzo yanajitokeza yenyewe: kilichokuwepo mwanzo, jumlisha kilichonunuliwa, toa kilichobaki. Kama Jumapili ya kwanza kulikuwa na chupa 26 za losheni, hakuna iliyonunuliwa, na Jumapili ya tano zikabaki 23, basi kwa wiki nne zimetoka 3. Hesabu zile za Jumapili zina kazi ya pili pia: ukichukua wastani wake unapata mzigo uliokuwa umelala kwa kawaida. Losheni zilikuwa 26, 25, 24, 24 na 23, wastani wake ni chupa 24 na kitu. Zidisha kwa bei ya kununulia, yaani 8,000, unapata kama shilingi 195,000. Usizidishe kwa bei ya kuuzia, maana hiyo ni hela ambayo bado hujaiona.

Njia hii ina tundu moja. Kitu kilichoibiwa, kilichopasuka au kilichopelekwa nyumbani kupikwa kitaonekana kama kimeuzwa. Kwa hiyo tulilinganisha na hela iliyoingia, na alichochukua mama mdogo kwa ajili ya nyumbani kikaandikwa. Vivyo hivyo kwa vilivyokopwa: bidhaa imetoka lakini hela yake bado imelala, safari hii kwa mteja badala ya shelfu.

Hesabu yenyewe

Baada ya wiki nne tulikuwa na namba za kutosha. Nitatoa tatu tu, kwa sababu zinatosha kuonyesha picha.

Losheni kubwa: zimetoka 3, faida 12,000. Mtaji uliolala ni kama 195,000. Gawanya faida kwa mtaji, zidisha kwa 100, unapata shilingi 6 kwa mwezi kwenye kila shilingi 100 iliyolala.

Sukari: imetoka mifuko mitatu, yaani kilo 150, faida 45,000. Kwa wastani kulikuwa na kilo 20 dukani, sawa na mtaji wa 54,000. Kila shilingi 100 ilileta shilingi 83.

Tambi: pakiti 60, kila moja ikiacha 300, faida 18,000. Wastani wa pakiti 20 dukani kwa bei ya 1,200 ni mtaji wa 24,000. Kila shilingi 100 ilileta shilingi 75.

Nilipomsomea mama mdogo namba hizi alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Sawa, lakini nikiweka hela yote ya losheni kwenye sukari, hao watu wa kuinunua nitawatoa wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo wengi hulisahau. Zile shilingi 83 ni za mtaji ambao tayari uko kwenye sukari. Hazikuahidi kwamba ukiongeza laki moja nyingine utapata 83,000. Kama watu wa mtaa wanakula kilo 6 kwa siku, ukileta mifuko kumi bado watakula kilo 6, na wewe utakuwa umelaza hela kwenye sukari badala ya losheni. Kabla ya kuhamisha hela, hakikisha bidhaa unayoihamishia inakosekana wakati watu wanaitaka.

Kwetu jibu lilikuwa kwenye kaunta buku. Mfuko uliisha kwa siku 8, kisha mama mdogo alikaa kama siku 2 akikusanya hela ya mfuko unaofuata. Kwa mwezi hizo ni siku 6 bila sukari. Siku 6 kwa kilo 6, kwa faida ya 300, ni shilingi 10,800 zilizokwenda kwa jirani. Yaani kwa kukosa tu hela ya mfuko mmoja wa akiba, alipoteza karibu faida yote aliyoipata kwenye losheni kwa mwezi huo. Na anayekwenda kwa jirani kununua sukari hachukui sukari tu, anachukua na majani ya chai.

Friji ni habari nyingine

Mpaka hapo nilidhani nimepata kipimo cha kila kitu. Friji ikanifundisha vingine.

Friji ya dukani ina shelfu nne. Moja ilikuwa na juisi za boksi za lita moja. Kwa kipimo cha mtaji juisi haikuwa mbaya: boksi 12 za 2,500 ni mtaji wa 30,000, zikatoka 10, kila moja ikiacha 800. Hiyo ni 8,000 kwa mwezi, karibu shilingi 27 kwenye kila 100. Ni bora mara nne kuliko losheni, kwa hiyo nilitaka kuipitisha.

Lakini kila siku ya jua kali, ikifika saa tisa mchana, maji madogo ya baridi yalikuwa yameisha. Wanafunzi wanafika, wanauliza, wanaambiwa yaliyopo ni ya moto, wanaondoka. Shelfu ya maji ilibeba chupa 24. Faida ni 200 kwa chupa, na kwa siku 26 za kufungua, shelfu ile moja ilileta 124,800. Shelfu ya juisi jirani yake ilileta 8,000.

Hapa kilichokuwa haba hakikuwa hela. Katoni ya maji ni 3,600 na zilikuwepo kibao pale chini. Kilichokuwa haba ni nafasi ya baridi. Kwa hiyo ndani ya friji hatuulizi shilingi 100 inaleta nini, tunauliza shelfu moja inaleta nini. Kwenye shelfu kavu za ukutani, ambako nafasi ilikuwepo na hela ndiyo iliyobana, tunarudi kwenye swali la mtaji.

Hii ndiyo kanuni niliyoondoka nayo kwenye zoezi lote: pima bidhaa kwa kile ambacho umepungukiwa. Ukipungukiwa hela, gawanya faida kwa mtaji uliolala. Ukipungukiwa nafasi, gawanya faida kwa nafasi iliyochukuliwa. Na usigawanye kwa kitu ulicho nacho cha ziada, kwa sababu kukiokoa hakukusaidii.

Juisi hatukuiacha. Boksi ambalo halijafunguliwa linakaa vizuri bila baridi, kwa hiyo tulizitoa zikakaa ukutani, tukaacha mbili tu kwenye kona ya friji. Juisi zilipungua kutoka 10 mpaka 6 kwa mwezi, hasara ya 3,200. Maji yakaongezeka chupa kama 15 kwa siku, sawa na 78,000 kwa mwezi. Siku za kwanza tulikosea jambo moja: tulijaza shelfu zote mbili maji ya moto asubuhi, friji ikashindwa, mpaka saa sita hakuna chupa iliyopoa sawasawa. Sasa mama mdogo hupanga usiku kabla ya kufunga.

Nilipokosea mimi

Orodha yangu ya kwanza ya vitu vya kuondoa ilikuwa na kiberiti. Kwa mwezi mzima kiberiti kilileta faida ya shilingi 800. Mama mdogo aliisoma akacheka. "Mwanangu, toa kiberiti uone. Mtu akija usiku akakosa kiberiti, kesho haji hapa hata kununua mkate."

Alikuwa sahihi, na hata kipimo chetu kilimuunga mkono kama ningekitumia vizuri. Kiberiti kilikuwa kimelaza shilingi 1,600 na nafasi ya kiganja. Ukikiondoa unaokoa nini? Bidhaa ndogo isiyobana hela wala nafasi haina sababu ya kuondolewa, hata kama faida yake ni ya kuchekesha. Zaidi ya hapo, kuna bidhaa zinazonunuliwa pamoja. Kabla ya kuondoa kitu, simama dukani jioni mbili tatu uangalie anayekinunua anaondoka na nini kingine.

Kosa langu la pili lilikuwa kaunta buku za kuuza. Wiki nne zile zilitoka mbili tu. Ningezihesabu kama mzigo uliolala, lakini sote tunajua kaunta buku zinatoka lini: mwaka wa kwanza wakiripoti, Oktoba au Novemba. Wiki nne za mwezi wa tano zinaweza kukuambia ukweli kuhusu sukari, lakini haziwezi kukuambia ukweli kuhusu kitu cha msimu.

Hata hivyo, msimu usiwe kisingizio. Zilikuwepo chupa sita za chai, zile kubwa, zilizonunuliwa 18,000 na kuuzwa 25,000. Mama mdogo alisema zitatoka chuo kikifunguliwa, na ni kweli, mwaka uliotangulia zilitoka. Tukahesabu. Faida ya zote sita ni 42,000. Mtaji ni 108,000, na kutoka mwezi wa tano mpaka Novemba ni miezi sita. Ukigawa, kila shilingi 100 inaleta kama 6 na nusu kwa mwezi, karibu sawa na losheni. Bora kuziuza sasa na kununua nyingine Oktoba kuliko kuziangalia miezi sita.

La tatu la kuchunga ni bidhaa iliyokuwa imeisha. Kitu kikikosekana dukani wiki mbili kitaonekana hakiuziki, kumbe hakikuwepo cha kuuza. Ndiyo maana kwenye daftari letu tuliweka alama ya msalaba kila siku ambayo kitu kilikuwa hakipo.

Kutoa mzigo nje

Kuamua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili inauma, kwa sababu mama mdogo hakutaka kuuza losheni chini ya 8,000. "Nitauzaje kwa hasara?" Nilimwelewa. Lakini zile 8,000 zilishatoka mfukoni zamani, haziwezi kurudi kwa kuingojea chupa. Kilichobaki kuamua ni kama anataka 7,500 wiki hii, au anataka 12,000 mwezi asioujua, wakati tarehe iliyoandikwa kwenye chupa inasogea.

Alikubali kwa shingo upande. Kati ya losheni 23, tuliuza 18 kwa 7,500 ndani ya wiki tatu, nyingi kwa wasichana wa bweni letu. Hiyo ni 135,000, bei kamili ya mfuko mmoja wa sukari. Hasara ilikuwa 9,000. Chupa za chai tuliuza nne kwa 17,000, tukapata 68,000 na hasara ya 4,000. Jumla 203,000 zilizokuwa zimekaa ukutani, kwa gharama ya 13,000. Mkopo wa laki tatu wa kikoba ungemgharimu riba ya 30,000, na losheni zingebaki palepale.

Losheni haikufa kabisa dukani. Alibakiza ile ndogo ya 3,000, na baadhi ya waliozoea kubwa walihamia kwenye ndogo. Hilo ni jambo la kulitazama kila unapotoa bidhaa: je, mnunuzi wake atahamia kwenye bidhaa nyingine yako, au atahamia duka lingine? Akihamia kwenye yako, umepoteza kidogo sana. Kodi ya fremu na umeme vinabaki vilevile hata ukitoa nusu ya bidhaa, kwa hiyo faida ya kilichotoka lazima izibwe na kitu kingine. Ndiyo maana tulitoa vitu viwili tu mwezi ule, tukaangalia kwanza.

Kwa wewe unayeuza bwenini

Huna friji na huna shelfu, lakini una sanduku chini ya kitanda na bumu ambalo halitaingia tena mpaka miezi kadhaa. Hesabu yako ni fupi zaidi. Andika vitu ulivyonavyo na bei ulizonunulia. Hesabu Jumapili nne mfululizo. Kwa kila kitu, gawanya faida ya mwezi kwa hela iliyolala. Ukiona manukato ya 15,000 yanaleta shilingi 5 kwenye 100, na karanga za 500 zinaleta 90 lakini zinaisha Jumatano, tayari unajua hela itoke wapi iende wapi. Iende mpaka pale karanga zinapoacha kuisha, si zaidi.

Mama mdogo hakuchukua ule mkopo. Mfuko wa akiba wa sukari sasa uko chini ya meza, na kabla ya kuufungua hununua mwingine. Bado kila Jumapili usiku ananiita tuhesabu, na bado tunabishana. Wiki iliyopita tulibishana kuhusu dazeni mbili za vikombe vya kaure ambavyo anadai vinapendezesha duka. Nimemwambia tusubiri Jumapili ya nne.